Mia Moja na Arobaini

Benchi la kliniki lilikuwa la watu kumi na wawili, na kila Jumatatu lilibeba ishirini na matumbo yao. Mkunga aliyelisimamia aliitwa Mama Saa, kwa sababu ya saa aliyoibana kifuani juu chini, ili yeye aisome na wengine waione imepinduka. Miaka ishirini na sita alikuwa nayo hapo kifuani. Kamba ilibadilishwa mara nne, betri mara nyingi, na ulimi wa mwenye saa haukuwahi kuhitaji betri.

"Wewe wa gauni la njano, miezi mitano tumbo hili? Unamficha nani humo?"

"Mama Saa, ni hewa tu."

"Hewa yenye miguu. Panda kitandani."

Mwanamke alipanda akicheka, na ndivyo Mama Saa alivyotaka, maana tumbo linalocheka halikazi. Alishusha kipembe chake cha alumini, kile chenye mdomo mpana wa kuweka tumboni na kitako bapa cha kuweka sikioni, akainama, akafumba macho. Alisikia tik-tik-tik ya haraka kama cherehani ya fundi mwenye deni la sare. Hakutazama saa. Aliandika kwenye kadi: 140.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kliniki ile, kama kitu kinachojulikana na kila mtu kinaweza kuitwa siri. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mia na ishirini na mia na sitini kwa dakika. Mia moja na arobaini iko katikati, haimkeri mtu. Ukiwa na wanawake arobaini na mmoja mlangoni na wakunga wawili, mmoja wao likizo, dakika nzima ya kuhesabu kwa kila tumbo ni anasa. Sikio lililozoea husikia kama moyo ni mzima, mkono unaandika. Ungefungua kabati la kadi ungekuta 140 hadi macho yachoke. Aliyeajiriwa kabla ya Mama Saa aliandika hivyo, na Mama Saa aliwafundisha hivyo waliokuja baada yake.

Mkwewe alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Mwanawe, fundi friji, alimleta nyumbani miaka miwili kabla ya hapo, msichana mwembamba mwenye mikono mirefu anayekaa kivulini hata kwenye sherehe yake mwenyewe. Mama Saa alimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Siku ya pili aliona mfuko wa vidonge.

Ulikuwa lupus. Mwalimu alieleza bila kupamba, kama anaandika ubaoni: askari wa mwili wake wamesahau nani adui, wanapiga viungo, ngozi, na mwaka mmoja waliwahi kupiga figo. Jua huwachokoza. Hakuna kupona, kuna kutulia. Alipotaka mtoto alimwambia daktari wake wa hospitali kuu kwanza, na daktari akamwachisha mikofenoleti, dawa iliyokuwa inalinda figo lakini ikilemaza mimba, akampa azathioprini badala yake. Wakasubiri miezi sita figo zitulie. Ndipo mimba ikaja, kwa ratiba, kama mtihani wa mwisho wa muhula.

"Nimeona wanawake wakishika mimba kwa bahati mbaya, kwa hasira na kwa mvua," Mama Saa alimwambia jirani. "Wa kushika kwa barua ya daktari ni huyu wa kwanza."

Barua yenyewe ilikuwa ndefu. Ilisema Mwalimu ana kingamwili zinazoitwa Ro, zinazoweza kuvuka kondo na kuunguza njia ya umeme ya moyo wa mtoto. Ilisema aendelee na haidroksiklorokwini kila siku bila kukosa, na azathioprini, na prednisoloni kidogo, na aspirini ndogo. Ilisema apigwe picha ya moyo wa mtoto kila wiki, kuanzia wiki ya kumi na sita hadi ya ishirini na sita.

Mama Saa aliisoma barua mara moja. Karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya boksi la azathioprini aliisoma mara tatu, kwa miwani, kwa sababu palikuwa na mstari unaomwonya mjamzito. Kwa haidroksiklorokwini hakuhitaji karatasi. Hiyo si ni ndugu yake klorokwini, ya malaria? Mtu hana malaria, anamezea nini?

"Mwalimu, mimi nimewakataza wanawake vidonge vya kichwa kwa miaka ishirini na sita. Wewe unameza kiganja kizima."

"Mama, daktari amesema—"

"Daktari anatibu figo. Huyo aliyemo tumboni nani anamsemea?"

Mwalimu alimtazama mumewe. Fundi friji alitazama bisibisi yake. Wiki ya kumi, Mama Saa aliweka boksi mbili juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika lisilotumika. Prednisoloni aliiacha, maana alijua haikatwi ghafla, na kujua huko kulimfanya ajione mwangalifu. Mwalimu angeweza kupanda kiti akazichukua. Lakini alikuwa anaishi nyumbani kwa mama mkwe, anakula kwa mama mkwe, na kusema kweli naye aliogopa. Nani asiyeogopa, akiambiwa na mkunga kwamba anamlisha mwanawe sumu?

Safari ya hospitali kuu ilikuwa saa tano kwa basi. Walikwenda wiki ya kumi na sita, moyo ukawa mzuri. Walikwenda ya kumi na nane, ukawa mzuri. Waliporudi vidole vya Mwalimu vilikuwa vimevimba, hawezi kufunga kifungo.

"Basi hili litakuua kabla ya lupus," Mama Saa alisema. "Kusikiliza moyo ndiyo kazi yangu. Njoo kwangu Jumatatu, upite kabla ya foleni. Wakinuna, waambie umeolewa kwa mkunga."

"Mama, ni wao wana mashine."

"Na mimi nina masikio. Mashine zao zilizaliwa jana."

Wiki ya ishirini na mbili, Jumatatu, alimlaza Mwalimu. Alishusha kipembe, akatafuta mgongo wa mtoto, akafumba macho. Akasikia du. Kimya. Du. Kimya. Polepole kama mtu anayepanda ngazi na ndoo.

Alijua mara moja ni nini. Kila mkunga anajua. Ukikosa moyo wa mtoto unadaka mshipa mkubwa wa mama, na mshipa wa mama huenda polepole. Dawa yake ni moja na hufundishwa wiki ya kwanza ya chuo: shika kiwiko cha mkono wa mama, penye mapigo, hesabu vyote viwili kwa pamoja. Vikienda sawa, umedaka mama. Visipokwenda sawa, muite daktari.

Nje walikuwa thelathini na nane. Mtoto alipiga teke kwenye kipembe, likasikika kama mlango. Mtoto anayepiga teke ni mzima.

"Anasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Anasema baba yake apunguze deni la maduka." Akaandika 140.

Jumatatu ya wiki ya ishirini na nne ikawa vivyo hivyo. Du. Kimya. Du. Akasogeza kipembe mara mbili, akapata kile kile, akalaumu jinsi mtoto alivyolala. Akaandika 140.

Alhamisi hiyo Mwalimu hakwenda shule. Mashavu yake yalikuwa mekundu kupita daraja la pua, kama mtu aliyepigwa makofi mawili yanayolingana, na miguu imejaa hadi alama ya kidole inabaki. Mama Saa alimpitisha kliniki mchana, foleni imekwisha. Presha, mia na hamsini na sita kwa mia. Kijiti cha mkojo kiligeuka kijani kibichi cha protini nyingi. Alimlaza. Kwa mkono wa kushoto akashika kiwiko chake, kupima mapigo ya mama tu, kwa ajili ya presha. Kwa mkono wa kulia, kwa mazoea, akashusha kipembe.

Kwa mara ya kwanza vitu viwili vilimfikia kwa pamoja. Chini ya vidole, tap-tap-tap-tap. Sikioni, du. Kimya. Du.

Chumba kilikuwa kimya, hakuna wa kumwita. Alitazama saa yake. Alihesabu dakika nzima, sekunde zote sitini, mpaka shingo ikauma. Kiwiko, tisini na sita. Kipembe, hamsini na nane.

"Mama, mbona umenyamaza? Wewe huwa hunyamazi."

"Vaa viatu," alisema Mama Saa. "Namwita mume wako atafute gari."

Fundi friji aliendesha, Mwalimu alilala kiti cha nyuma, na kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya pochi ya Mama Saa. Mara tatu alifungua zipu kuitazama, mara tatu akaifunga.

Daktari wa hospitali kuu alikuwa mwanamke mfupi wa kandambili, anayeongea taratibu kama anayehesabu vidonge. Kufikia Ijumaa asubuhi alikuwa na majibu yote. Aliwakalisha wote watatu, Mwalimu kitandani.

"Figo kwanza. Hii ingeweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, inafanana sana. Lakini damu inaonyesha kinga imepamba moto, na mkojo una chembe za damu. Ni lupus imeamka. Mwalimu, ulitulia mwaka mzima. Nini kilibadilika?"

Mama Saa alifungua mdomo.

"Niliacha dawa, daktari," Mwalimu alisema. "Wiki ya kumi. Niliogopa."

Alisema akitazama dari. Fundi friji akatazama viatu. Mama Saa alisikia ukarimu ule ukimwingia kama mwiba wa samaki.

"Wengi huogopa," daktari alisema. "Haidroksiklorokwini ndiyo ya mwisho kabisa kuachwa. Inamlinda mama, na inaaminika kumpunguzia mtoto hatari. Azathioprini tumeitumia kwa wajawazito miaka mingi. Onyo la kwenye karatasi linamwogopesha kila mtu. Tunazirudisha leo, tunapandisha prednisoloni, na dawa ya presha isiyodhuru mimba. Sasa mtoto."

Aligeuza kioo cha mashine. Moyo ulionekana kama ngumi ya jivu. "Chumba cha juu kinapiga mia na arobaini na mbili. Cha chini, hamsini na saba. Havisikilizani kabisa. Waya kati yao umekatika."

"Yaani," fundi friji alisema polepole, "kidhibiti kinatoa amri, kompresa haipati, inajizungusha yenyewe."

"Hivyo hasa."

"Waya si huungwa?"

"Huu umeungua, umebaki kovu. Ukikatika wote, haurudi." Daktari aliinua kadi ya kliniki aliyokabidhiwa walipofika. "Lakini hapa nina kitu. Jumatatu mkunga aliandika mia moja na arobaini. Leo Ijumaa. Maana yake hili jambo lina siku nne tu, na pengine bado kuna moto, si kovu. Prednisoloni haimfikii mtoto, kondo inaivunja karibu yote. Deksamethasoni inapita. Ushahidi wake ni dhaifu, siwadanganyi, na kwa mama mwenye presha hii na figo hizi ni hatari: presha itapanda, sukari itapanda, maambukizi, na maji ya mtoto yanaweza kupungua. Kwa kuziba kwa zamani nisingethubutu. Kwa siku nne, tukiamua pamoja, ningejaribu."

"Jaribu," Mwalimu alisema. Hakuuliza bei yake.

Muuguzi alikuwa tayari na trei. Mama Saa aliitazama ile chupa ndogo. Alijua namna mambo yanavyokwenda: ikishaingia, hakuna wa kuuliza tena kuhusu kadi. Jina lake lingebaki safi. Mkwe wake alikwisha kumbebea kosa moja, na la pili lilikuwa halijulikani hata kwake. Ilitosha kukaa kimya, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani na ambacho leo kingekuwa rahisi kuliko vyote.

"Si siku nne," alisema.

Daktari aligeuka.

"Jumatatu nilisikia hivi hivi. Na Jumatatu ya wiki mbili kabla ya hapo. Sitini, sijui, hamsini na kitu. Nilidhani nimedaka mshipa wa mama. Sikushika kiwiko. Niliandika mia na arobaini kwa sababu..." Akatafuta sababu iliyo na sura, akaikosa. "Kwa sababu ndiyo tunayoandika. Na dawa nilizificha mimi. Ziko nyuma ya birika."

Daktari alimfanyia muuguzi ishara, trei ikaondoka. Alikata kwa kalamu jambo fulani kwenye faili, akaandika jingine.

"Basi deksamethasoni hapana," alimwambia Mwalimu. "Ingekuumiza wewe bila kumsaidia yeye."

Fundi friji alisimama, akatoka, mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake. Mama Saa alimuuliza daktari swali lililobaki, kwa sauti ambayo benchi lake lisingeitambua.

"Angemeza dawa, isingetokea?"

"Kati ya wajawazito mia wenye kingamwili hizi, wawili hivi hupatwa, hata wanaomeza. Dawa hupunguza, haifuti. Na tungeona mapema, labda waya ungekuwa umechubuka tu, labda tungefanya kitu, labda hata hivyo ungekatika. Siwezi kukuambia ndiyo. Siwezi kukuambia hapana."

Afadhali angesema ndiyo. Mama Saa alikuwa tayari kwa ndiyo.

Mwalimu alizungumza akiwa ameelekea ukutani. "Wanafunzi wangu huandika jibu wanalolijua, halafu wanatunga njia. Nawapa sifuri. Huwa nawaambia, andika ulichopata."

"Mwalimu—"

"Nataka kulala, Mama."

Figo zilitulia nusu. Mtoto alikua, akapiga mateke, moyo wake ukipanda ngazi na ndoo yake. Wiki ya thelathini na moja ulishuka hadi hamsini kasoro moja, maji yakaanza kuuzunguka, na daktari akasema sasa nje ni salama kuliko ndani. Wakampasua Jumanne asubuhi. Alikuwa msichana, kilo moja na robo, ana mikono mirefu.

Alihitaji betri ya moyo. Daktari wa kupasua mioyo ya watoto wadogo namna ile alikuwa mmoja, huja na timu yake mara moja kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa baada ya siku tisa. Wakapiga simu kwingine. Mtoto hakuwa wa kusafirishwa. Wakamwekea dripu ya kuuhimiza moyo wakasema tusubiri.

Mwalimu alikuwa ghorofa ya chini na presha isiyotaka kushuka na mpira wa mkojo, amekatazwa kutoka kitandani. Siku ya kwanza alimwita mama mkwe. Walikuwa hawajaongea wiki saba zaidi ya salamu.

"Mume wangu akipanda huko analia, haniambii kitu. Wauguzi wananiambia anaendelea vizuri. Wewe panda. Uhesabu dakika nzima. Uniletee ulichopata."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe najua utahesabu," Mwalimu alisema. "Sasa."

Mama Saa alipanda. Alivaa gauni la wadi, akaingiza mkono kwenye dirisha la kile kisanduku cha joto, akaweka kifaa cha kusikilizia juu ya kifua kisichozidi kiganja. Alitazama saa iliyopinduka. Akashuka.

"Hamsini na tisa."

"Asante."

Siku ya pili, sitini na moja, na wote wawili karibu wacheke. Siku ya tatu, hamsini na tano. Ya nne, hamsini na moja. Ya tano, arobaini na sita, na Mwalimu aliuliza, "Umehesabu mara ngapi?" "Mara tatu." Akafunga macho.

Siku ya sita, saa mbili asubuhi, alihesabu thelathini na nne. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya wino uliofifia. Daktari wa zamu alisema wameongeza dripu hadi mwisho wake, wanasubiri kuona. Wamfuate mama? Mama presha yake mbaya, ngazi zile, labda mchana.

Ngazi zilikuwa ishirini na nane. Kila moja Mama Saa alishuka akiwa na namba mbili mkononi, ile aliyoipata na ile aliyozoea kuandika. Presha ya Mwalimu ilikuwa mia na sitini. Mkunga yeyote mwenye akili angemwambia mgonjwa wa namna hiyo, mwanao amelala, tutamtazama mchana.

"Ngapi?"

"Thelathini na nne."

Mwalimu akatupa shuka. "Nipeleke."

Muuguzi wa ghorofa ya chini alipinga. Mama Saa alimwambia kwa adabu kwamba alikuwa anazalisha wakati yeye muuguzi anazaliwa, akakamata mfuko wa mkojo kwa mkono mmoja na mkwe kwa mwingine, na fundi friji akakivuta kiti cha magurudumu kinyumenyume kupanda ngazi zote ishirini na nane. Walimtoa mtoto wakamlaza juu ya kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, nyaya zikining'inia. Alikaa hapo saa moja na dakika arobaini, mpaka moyo ulipoacha kupiga. Mwalimu alikuwa amemfunika mgongo wote kwa kiganja. Mama Saa alisimama mlangoni na hakuhesabu.

Mwalimu alihamia na mumewe nyumba ya kupanga, upande wa pili wa mji. Wakija kutembelea, humeza vidonge vyake mezani mbele ya mama mkwe, kimoja kimoja, akinywa maji kati yao. Hasemi kitu. Mama Saa humjazia glasi.

Kazini alipewa barua ya onyo na miezi miwili nyumbani. Aliporudi, kliniki ilikuwa ile ile, mkunga mwingine likizo, benchi limejaa, kadi za kabatini zina mia moja na arobaini zake zote mahali pake, na hakuna anayeweza kumwambia zipi zilikuwa kweli. Sasa hushika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Huandika 133, 151, 128. Saa tano asubuhi foleni huwa haijafika nusu.

"Mama Saa, siku hizi umekuwa mzito," wa mlangoni alisema. "Tutazalia hapa hapa."

"Zalia. Mkunga yupo."

"Lakini zamani ulikuwa—"

"Nyamaza kidogo," alisema, sikio likiwa bado kwenye kipembe. "Umenipotezea hesabu. Naanza upya."